Somo: kuandika hotuba ya tasnifu ya dakika tatu kwa mfano mmoja tu

Shindano la Tasnifu ya Dakika Tatu lilianzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008, na sasa linafanyika katika vyuo vya nchi nyingi. Masharti yake ni machache na ni makali. Ukipita dakika tatu unaondolewa. Slaidi ni moja, isiyosogea, bila sauti wala video. Hakuna kifaa cha kushika mkononi, na unazungumza kwa maneno ya kawaida, si kwa shairi wala wimbo. Saa huanza kuhesabu unapoanza kusema au kuigiza kwa mwili. Majaji hupima mambo mawili: kama hadhira isiyo ya fani yako imeelewa utafiti wako, na kama umeishika isikusikilize nusu nusu.

Nitaonyesha uandishi wenyewe kwa tasnifu moja ya mfano. Mwanafunzi anachunguza kwa nini mipira ya mkojo, ile mirija ya kutoa mkojo kwenye kibofu cha mgonjwa, huziba, na kama inawezekana kujua mapema. Biolojia utakayoisoma humu ni ya kweli. Mwanafunzi na matokeo yake nimeyatunga kwa ajili ya somo.

Hatua ya 1: andika jibu kabla ya kitu kingine

Andika sentensi moja inayosema ulichokipata. Kwa mwanafunzi wetu: "Kipande cha plastiki chenye rangi, kikiwekwa kwenye mfuko wa mkojo, hugeuka kutoka njano kuwa bluu kabla mpira haujaziba." Ibandike mbele yako. Kila kitu kisichomfikisha msikilizaji kwenye sentensi hiyo kinatoka, hata kama kilikugharimu mwaka mzima. Tasnifu hii inaweza kuwa na sura nzima kuhusu jeni za bakteria na nyingine kuhusu umbo la fuwele. Hazimo katika hotuba.

Hatua ya 2: chagua mfano wenye swali ndani yake

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mwanafunzi wetu ana mifano mitatu mkononi. Wa kwanza ni picha ya fuwele chini ya darubini: inapendeza, lakini hakuna anayetaka kujua kinachofuata. Wa pili ni idadi ya wagonjwa wenye mipira: inaonyesha ukubwa wa tatizo, ila msikilizaji haoni kitu. Wa tatu ni mtu mmoja, usiku, anayekuta mfuko wake mtupu. Huu ndio unaofaa, kwa sababu unamfanya msikilizaji aulize mwenyewe: hivi haikuwezekana kujua mapema? Na hilo ndilo swali ambalo tasnifu inajibu.

Upime hivi. Msimulie mtu asiye wa fani yako mfano peke yake, kisha nyamaza. Akiuliza swali ambalo utafiti wako unalijibu, umepata. Akiuliza jingine, kuna neno kwenye mfano linalomvuta pembeni. Ukisema mgonjwa alipata ajali ya barabarani ndipo akawekewa mpira, watu watabaki kwenye ajali. Iondoe. Hadhira haihitaji kujua kwa nini ana mpira. Inahitaji kujua kwamba anao.

Hatua ya 3: andika, ukifuata mnyororo wa sababu

Hii hapa hotuba nzima.

> Ni saa tisa usiku. Mama mmoja ameamshwa na maumivu chini ya kitovu. Anautazama mfuko wa mkojo unaoning'inia kando ya kitanda. Mtupu. Tangu jioni halijaingia hata tone.
>
> Mama huyu anaishi na mpira wa mkojo, mrija mwembamba unaotoa mkojo kwenye kibofu. Usiku huu mrija umeziba. Mkojo hauna pa kutokea, na ukirudi nyuma unaweza kupeleka maambukizi hadi kwenye figo. Anahitaji muuguzi wa kumbadilishia mpira, sasa hivi.
>
> Umezibwa na nini? Na jiwe, na waliolijenga ni bakteria. Wapo bakteria wanaojishikiza ndani ya mrija na kuivunja urea, ambayo imo katika mkojo wa kila mtu. Wakiivunja, inatoka amonia. Amonia inaimaliza asidi ya mkojo, na madini yaliyokuwa yameyeyuka humo yanaanza kuganda, kama ukoko mweupe ndani ya birika la kuchemshia maji. Tabaka juu ya tabaka, hadi tundu linafungika.
>
> Lakini jiwe hilo halijengeki kwa saa moja. Mkojo hubadilika kwanza, jiwe hufuata. Nikajiuliza: je, mama huyu angeweza kuyaona mabadiliko hayo tangu jana?
>
> Nilitengeneza kibofu cha kioo, nikakiweka kwenye joto la mwili. Nikakitia mpira halisi, nikapitisha mkojo uliotengenezwa maabara, kisha nikaingiza bakteria. Kwenye mfuko niliweka kipande cha plastiki chenye rangi ambayo ni njano penye asidi, na bluu asidi inapokwisha. Nikasubiri mipira izibe, mmoja baada ya mwingine.
>
> Kila mpira ulioziba ulitanguliwa na bluu. Na bluu ilionekana zaidi ya siku nzima kabla mkojo haujakatika.
>
> Bado sijakijaribu kwa wagonjwa. Kioo si mwili, na mkojo unaweza kupoteza asidi kwa sababu nyingine pia. Hiyo ndiyo kazi inayofuata. Lakini kikifanya kwa watu kilichofanya kwenye kioo, mama huyu atautazama mfuko wake mchana, ataona bluu, atampigia muuguzi simu. Mpira utabadilishwa kabla jua halijazama. Na saa tisa usiku, atakuwa amelala.

Angalia yasiyomo. Bakteria anayehusika zaidi na kuziba huku ni Proteus mirabilis, kimeng'enya chake ni yurease, na rangi inayofaa ni bromothimoli bluu. Yote matatu yatakuwamo kwenye tasnifu, na hakuna hata moja kwenye hotuba, kwa sababu sentensi inasimama bila jina. Urea, amonia na asidi zimebaki kwa kuwa ukiondoa mojawapo, mnyororo unakatika na rangi ya bluu inakuwa muujiza usioelezeka. Hicho ndicho kipimo changu cha istilahi: je, sababu inayofuata inaitegemea?

Angalia pia kwamba mama hapotei katikati. Swali la utafiti limeulizwa kupitia kwake, na matokeo yamerudi kwake. Hotuba nyingi humtumia mgonjwa kama mlango tu: akishatuingiza ndani, hatumwoni tena, na kuanzia dakika ya pili tunasikiliza muhtasari wa tasnifu.

Kosa jingine ninaloliona mara kwa mara ni kula dakika mbili kwenye tatizo, halafu kazi yako mwenyewe ikabaki na sekunde ishirini. Hadhira inaondoka na huruma, haijui ulifanya nini. Hapa maneno "Nikajiuliza" yanafika karibu na nusu ya hotuba, na kilichobaki chote ni kazi ya mtafiti.

Hatua ya 4: pima kwa sauti, ukiwa umesimama

Hotuba hii ina maneno yasiyofika 300. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo usifuate hesabu ya maneno unayoikuta kwenye miongozo ya lugha nyingine. Soma kwa sauti kwa mwendo wa kumweleza mtu, ukiacha kimya baada ya "Mtupu" na baada ya "ulitanguliwa na bluu". Lenga 2:45. Jukwaani watu hucheka, hushangaa au hukohoa, na sekunde hizo zinahesabiwa kwako. Ukizidi, toa sentensi nzima. Ukinyofoa neno hapa na pale utabaki na maandishi yaleyale yanayosemwa mbiombio.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, tasnifu yangu ni ya hisabati, inahusu misimbo ya kugundua makosa. Sina mgonjwa wala mama. Nifanyeje?*

Mfano si lazima uwe mtu anayeumia. Unahitaji tukio dogo lenye swali. Mtu anaingiza namba ndefu ya kitabu kwenye kompyuta, anakosea tarakimu moja, kompyuta inaikataa papo hapo. Haijui kitabu anachokitaka, haimjui yeye. Imejuaje kwamba amekosea? Hapo umefika kwenye tarakimu ya mwisho, ambayo hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Kisha onyesha kosa ambalo mbinu hiyo hailikamati na ya kwako inalikamata. Tumia namba hiyohiyo hadi mwisho. Usibadilishe mfano njiani.

*Je, mama huyo ni mtu halisi? Nikimtunga mgonjwa sitakuwa nimedanganya?*

Soma tena: hakuna mahali hotuba inaposema "nilikutana naye". Mfano wa kutunga unakubalika iwapo kila kilichomo hutokea kweli kwa wagonjwa wa aina hiyo: mfuko mtupu, maumivu ya kibofu kilichojaa, haja ya kubadilishiwa mpira haraka. Uongo unaanza ukisema ulimwona, au ukimpa hali mbaya kuliko ilivyo kawaida ili watu walie. Ukimtumia mgonjwa halisi, omba idhini yake na ondoa chochote kinachoweza kumtambulisha.

*Mwalimu, kwenye slaidi niweke picha ya kile kipande cha bluu? Naona kina mvuto.*

Mimi nisingeiweka. Slaidi inaonekana tangu sekunde ya kwanza, na bluu ndiyo jibu. Utakuwa umelitoa kabla ya swali. Weka picha ya mipira miwili iliyokatwa, mmoja ukiwa wazi na mwingine tundu limejaa jiwe. Watu wataitazama na kujiuliza kile kitu cheupe ni nini, na dakika moja baadaye unawajibu. Maneno kwenye slaidi hayahitajiki, labda jina lako na la tasnifu. Grafu iache.

*Nikisahau katikati?*

Usikariri aya, kariri mnyororo: bakteria, urea, amonia, asidi inaisha, madini yanaganda, jiwe. Kila kiungo kinauita kinachofuata, kwa hiyo hata maneno yakibadilika utafika. Sentensi ya kwanza na ya mwisho ndizo za kukariri neno kwa neno.

*Msimamizi wangu anasisitiza nitaje idadi ya majaribio na kiwango cha uhakika wa takwimu. Nimkatalie?*

Mpe kimoja. Idadi ya majaribio mtu wa kawaida anaielewa, na inaonyesha kwamba hukubahatisha. Palipoandikwa "mmoja baada ya mwingine", taja idadi yako ya mipira. Kiwango cha uhakika wa takwimu kinahitaji maelezo yake yenyewe, na nafasi hiyo huna. Kitabaki kwenye tasnifu, ambako wanaokihitaji watakitafuta. Na kama kuna mipira iliyoziba bila rangi kugeuka, usiandike "kila mpira". Andika ni mingapi kati ya mingapi.