Kabla hujahamishia apu na picha kwenye memori kadi

Simu ikianza kulalamika kwamba nafasi imejaa, usikimbilie dukani. Kwanza jua simu yako inapokea kadi ya ukubwa gani, maana za zamani nyingi huishia GB 32. Kadi inunue mahali unapoweza kuirudisha. Ukifika nyumbani ijaze video mpaka itapike, halafu ufungue zile za mwisho kuingia. Kadi feki huandikwa GB 64 huku ndani ina 8, na kinachozidi hapo hupotea kimyakimya.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililoniliza. Ukichomeka kadi mpya, simu nyingi za kuanzia Android 6, iliyotoka 2015, hukuuliza unataka kuitumiaje: iwe hifadhi ya kubebeka, au iwe sehemu ya simu yenyewe. Mimi nilichagua ya pili, kwa sababu ndiyo inayoruhusu apu kuhamia kwa wingi. Nikahamisha na picha zote, zikiwemo za arobaini ya mama. Miezi minane hakukuwa na tatizo.

Kisha simu ikaanza kujizima ovyo. Fundi akasema dawa yake ni kuiflashi. Nikamwambia, "Fundi, picha zangu ziko kwenye memori, hiyo usiiguse." Akaichomoa mbele ya macho yangu, akaifunga kwenye kikaratasi, akanikabidhi. Nikaondoka na moyo mweupe. Jioni nikairudisha, simu ikaniambia kadi haisomeki, niifomati. Nikaichomeka kwenye kompyuta ya kaka yangu, nayo ikataka kuifomati vilevile.

Sababu yake ni hii. Kadi ikifanywa sehemu ya simu, simu huandika kila kitu kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo hilo hukaa ndani ya simu, si kwenye kadi. Fundi alipoiflashi simu, ufunguo ulifutika. Picha za mama bado zimo kwenye kadi hiyo mpaka leo, na hakuna simu wala programu ya kurudisha mafaili inayoweza kuzisoma. Kwa hiyo kama unachotaka kuokoa ni picha, chagua hifadhi ya kubebeka, iliyoandikwa Portable storage. Na kama ulishachagua ile nyingine, nakili picha kwenye kompyuta simu ikiwa bado inawaka, kabla fundi hajaishika. Kumbuka pia kwamba kadi ikifomatiwa hufutika yote, basi usichomeke yenye vitu vyako ukabonyeza tu.

Upande wa apu, usijipe matumaini makubwa. Fungua Settings, ingia Apps, chagua apu moja, kisha Storage. Ukiona kitufe cha Change, inahamishika. Usipokiona, aliyeitengeneza apu hakuruhusu, au simu yako haina huduma hiyo, na hakuna ujanja. Apu zilizokuja na simu hazihami. Apu ya kengele na kibodi ziache ndani hata kama kitufe kipo: kadi ikilegea kidogo, kengele ya alfajiri hailii. Hata apu iliyohama mara nyingi huacha sehemu ya mzigo wake ndani, kwa hiyo usishangae ukihamisha ya MB 200 ukapata nafasi pungufu ya hiyo.

WhatsApp ndiyo inayowasumbua wengi. Yenyewe haihami, na picha mpya itaendelea kuziweka ndani ya simu. Unachoweza ni kuhamisha za zamani, zilizo kwenye folda ya Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media. Ukizihamisha, ndani ya mazungumzo hazitafunguka tena, utazitazama kwenye kadi. Folda ya Databases iliyo jirani yake usiiguse, ndimo zinamokaa nakala za mazungumzo yako.

Picha za kamera ndizo rahisi. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, mahali pa kuhifadhia weka SD card, ili mpya ziende huko moja kwa moja. Za zamani usizikate, zinakili. Zikiisha, fungua folda ya kadi yenyewe, uangalie picha kumi hivi kwa ukubwa wake kamili na ucheze video mbili mpaka mwisho. Usiridhike na vipicha vidogo, vinaweza kuonekana hata faili lenyewe likiwa limeharibika. Ndipo ufute za ndani.

Betri iwe juu ya nusu kabla ya kuanza, na kadi usiichomoe kabla ya kubonyeza Eject. Picha usizoweza kupiga tena ziwe na nakala mahali pengine pia, kompyuta au flashi ya ndugu. Na siku kadi ikianza kukataa kufuta, au picha ulizofuta jana zikirudi leo, inakufa hiyo. Usiifomati, usiongeze kitu. Nakili kila kilichomo siku hiyohiyo.