Namna ya kusali Malaika wa Bwana asubuhi, mchana na jioni

Sala hii husaliwa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Ukiweka kengele ya simu, andika 06:00, 12:00 na 18:00, maana wengi huandika 12:00 wakidhani wamepanga ya asubuhi. Kama parokia yako ina kengele, ifuate hiyo. Kwa kawaida hulia mapigo matatu na kunyamaza, mara tatu, kisha hulia mfululizo. Kila mapigo matatu ni shairi moja na Salamu Maria yake, na mlio mrefu wa mwisho ni wa sala ya kumalizia.

Hatua ya 1. Ishara ya msalaba.

Hatua ya 2: mashairi na maitikio. Hapa ndipo wanaoanza hukwama. Yashike kwa mpangilio wa tukio lenyewe: kwanza malaika anamletea Maria habari, kisha Maria anakubali, halafu Neno anatwaa mwili. Mawili ya kwanza yametoka Injili ya Luka sura ya 1, la tatu Yohane 1:14. Ukiushika mpangilio huo, hutaruka shairi hata ukisali peke yako njiani.

Kiongozi: Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria.
Wote: Naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu.
Salamu Maria...

Kiongozi: Ndimi mtumishi wa Bwana.
Wote: Nitendewe ulivyonena.
Salamu Maria...

Kiongozi: Neno wa Mungu akatwaa mwili.
Wote: Akakaa kwetu.
Salamu Maria...

Kiongozi: Utuombee, Mzazi Mtakatifu wa Mungu.
Wote: Tujaliwe ahadi za Kristo.

Salamu Maria nayo hugawanywa. Kiongozi huanza "Salamu Maria, umejaa neema" na kuishia "na Yesu mzao wa tumbo lako amebarikiwa". Wote hupokea kuanzia "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu" hadi Amina. Kosa linalovuruga kundi zima ni wenzako kudakia kabla kiongozi hajafika "amebarikiwa". Sauti zikishapishana, shairi linalofuata huanza kabla la kwanza halijaisha. Anayeongoza na avute pumzi moja baada ya kila Amina. Kosa la pili liko mwishoni: baada ya Salamu Maria ya tatu, mazoea ya rozari humvuta mtu kuanza ya nne. Hakuna ya nne. Zikishatimia tatu, inafuata "Utuombee, Mzazi Mtakatifu wa Mungu".

Ukiwa peke yako, sema sehemu zote mbili, shairi na itikio. Usiache maitikio, kwa sababu jibu la Maria limo humo: "Nitendewe ulivyonena."

Kwenye "Neno wa Mungu akatwaa mwili" piga goti la kulia. Kama tayari umepiga magoti, au uko ndani ya daladala, inamisha kichwa.

Maneno hutofautiana kidogo kati ya kitabu na kitabu. Chagua kitabu cha sala kinachotumika jimboni kwako ubaki nacho. Kuokota shairi hapa na itikio kule mtandaoni ndiko kunakomfanya mtu ajikwae akisali na wenzake.

Hatua ya 3. Kiongozi: "Tuombe. Tunakuomba, ee Bwana, utie neema yako mioyoni mwetu, ili sisi tuliojua kwa maelezo ya malaika kwamba Mwanao amejifanya mtu, kwa mateso na msalaba wake tufikishwe kwenye utukufu wa ufufuko. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu." Wote: Amina. Wengi huongeza Atukuzwe Baba mara tatu.

Hatua ya 4: kipindi cha Pasaka. Siku hizo sala hii huachwa, na saa zilezile husaliwa Malkia wa Mbingu, watu wakiwa wamesimama. Utaratibu huo ulithibitishwa na Papa Benedikto XIV mwaka 1742. Kila mstari huishia kwa Aleluya: "Malkia wa Mbingu, furahi, Aleluya."

Chukua mwaka 2026. Pasaka ni tarehe 5 Aprili, basi Malkia wa Mbingu inaanza siku hiyo. Wapo wanaoiacha Bwana akishapaa mbinguni, siku ya 40, lakini kipindi cha Pasaka bado kinaendelea. Kinaisha Pentekoste, yaani Jumapili tarehe 24 Mei, na saa 12 jioni ya siku hiyo bado ni Malkia wa Mbingu. Malaika wa Bwana inarudi Jumatatu tarehe 25 Mei, saa 12 asubuhi.