Kabla ya kuiendesha modeli ya springi: mambo ya kuzingatia kuhusu hatua za kurukana

Chukua masi ya kilo 1 kwenye springi yenye ugumu wa niutoni 1 kwa mita. Ivute mita 1, kisha iachie. Mchapuko wake ni −x, x ikiwa umbali wake kutoka katikati, mtetemo mmoja kamili huchukua sekunde 6.28, na pasipo msuguano nishati yake haitoki kwenye jouli 0.5. Kabla hujaandika programu ya kuifuata, amua kwanza utapigaje hatua.

Njia inayokuja haraka ni ya Euler: simama ulipo, fuata tanjenti kwa muda h, simama tena. Ichore kwenye karatasi, x ikilala na kasi v ikisimama. Mwendo wa kweli ni duara, na tanjenti ya duara daima iko mraba na nusukipenyo. Kwa hiyo kila hatua inakutoa nje ya duara, na Pythagoras anakupa kiasi chenyewe: nishati inazidishwa kwa 1 + h². Hakuna hatua inayokosea kuelekea ndani ili kufidia. Ukiweka h = 0.1, mtetemo mmoja (kama hatua 63) unaipandisha nishati karibu mara 1.9, baada ya mitetemo kumi imezidi mara 500, na masi inayumba takribani mita 23 kila upande. Usidhani kupunguza h kutakuokoa. Kwa h = 0.05, mitetemo hiyo hiyo kumi bado inaikuza nishati mara 23.

Njia ya kurukana, ambayo Loup Verlet aliitumia mwaka 1967 kufuatilia atomi za agoni, inahesabu kani ileile lakini kwa zamu: nusu ya badiliko la kasi, kisha mahali, kisha nusu iliyobaki.

```python
v = v - (h/2)*x
x = x + h*v
v = v - (h/2)*x
```

Angalia mstari wa pili: unatumia v mpya, si ile ya zamani. Kila mstari unabadilisha kimoja tu, kwa kiasi kinachotegemea kile kingine, kama kulaza upande rundo la karata: umbo linainama, eneo halibadiliki. Njia ya Euler hulikuza eneo kila hatua. Kwa springi yetu tunaweza kusema zaidi ya hapo. Fanya hesabu ya mistari hiyo mitatu na utaona kwamba v² + (1 − h²/4)x² haibadiliki hata kidogo. Hiyo ni duaradufu iliyobonyea kidogo kuliko duara la kweli, na programu haiwezi kuitoka. Kwa h = 0.1, nishati halisi inashuka hadi 0.49875 masi inapopita katikati, kisha inarudi 0.5 kwenye ncha. Kosa la robo ya asilimia, linalokuja na kuondoka, iwe ni mtetemo wa kwanza au wa milioni.

Fomula hiyohiyo inakuonyesha pa kukomea. h ikifika 2, mabano yanakuwa sifuri. Ikizidi, duaradufu inageuka kuwa hipabola na namba zinalipuka, ingawa eneo bado limehifadhiwa. Kwa hiyo tafuta kwanza mtetemo wa haraka kuliko yote katika modeli yako: h mara ω yake, yaani 2π ikigawanywa kwa muda wa mtetemo huo, lazima iwe chini ya 2, na binafsi sipendi kuvuka 0.2.

Ukishachagua h, usiiguse njiani. Kila h ina duaradufu yake, na ukibadilisha ovyo unaruka kutoka moja hadi nyingine, na nishati inaanza tena kutangatanga. Msuguano unaotegemea v nao haumo katika hesabu hii; unahitaji kushughulikiwa pembeni.

Kagua pia unapopima nishati. Wengi huunganisha nusu mbili za kasi kuwa moja ili kuokoa hesabu, jambo ambalo ni sawa, lakini hapo v iko nusu hatua nje ya x. Ukizichanganya hivyo, nishati itaonekana kuyumba kama asilimia 5 badala ya robo, nawe utalaumu njia bure. Kipimo kizuri ni kupunguza h kwa nusu: myumbo ukipungua mara nne, umeandika sawa, ukipungua mara mbili tu, v na x haziko wakati mmoja. Kingine ni kugeuza alama ya v katikati ya safari na kuendelea kwa hatua zilezile: masi lazima irudi ilikoanzia, isipokuwa kwa vijikosa vya kukadiria namba.

Nishati kutulia hakumaanishi saa iko sawa. Masi ya programu inatangulia kwa sehemu h²/24; kwa h = 0.1, baada ya mitetemo 100 iko mbele kwa digrii 15 hivi. Kama unachotafuta ni wakati kamili wa kupita katikati, hapo ndipo h inapaswa kupunguzwa.