Kupima athari za kanuni kabla ya kuitoa: mfano wa maduka ya maziwa

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni inataka taarifa ya athari iandaliwe kwanza pale kanuni inapoelekea kuibebesha jamii gharama kubwa. Taarifa hiyo lazima ieleze lengo, gharama na manufaa, na njia nyingine zilizofikiriwa, hata zisizohitaji kanuni mpya. Kazi yangu ni kuandaa taarifa hizi. Nitaonyesha ninavyofanya kwa mfano wa kanuni inayomtaka kila mwenye duka la maziwa ya kupimiwa apeleke sampuli maabara kila mwezi. Nitahesabu kwa mji mmoja, na tarakimu zote ni za kufundishia tu.

Hatua ya 1: Andika tatizo bila kutaja suluhisho

"Maduka hayapimi maziwa" si tatizo. Hilo ni suluhisho lako umeligeuza likawa kilio. Tatizo ni kwamba watu wanaugua tumbo kwa maziwa machafu. Ukiliandika hivyo, mara moja utajiuliza uchafu unaingilia wapi: kwenye zizi, kwenye mitungi ya usafiri, kituo cha kukusanyia au dukani? Jibu lake ndilo litakalokupa njia mbadala.

Hatua ya 2: Hesabu gharama inayoongezwa na kanuni peke yake

Mji una maduka 400, lakini 80 tayari yanapima kila mwezi kwa hiari. Hayo yaondoe, kwa kuwa yangepima hata bila kanuni. Yanabaki 320.

Sasa nenda ukakae dukani. Ada ya maabara utaipata kwa simu, ila nauli na muda wa kufunga duka hutauona mpaka umfuate mwuzaji hadi maabara na kurudi naye. Tuseme ada ni shilingi 1,500, nauli 300, na mauzo anayokosa yanampunguzia faida ya 700. Jumla ni 2,500 kwa mwezi, sawa na 30,000 kwa mwaka. Kwa maduka 320 ni shilingi 9,600,000. Ongeza 1,200,000 za wakaguzi, upate 10,800,000.

Kama kanuni ina ada ya leseni, iandike kando. Kwa mwuzaji ni gharama, lakini kwa nchi ni fedha iliyotoka mfuko mmoja kuingia mwingine. Inakuwa gharama kwa wote pale tu inapolipia kazi halisi, kama ukaguzi, na hapo usiihesabu mara mbili.

Hatua ya 3: Tafuta manufaa yanayohitajika ili gharama irudi

Hapa ndipo wengi huandika "afya ya umma itaimarika" wakaishia hapo. Huwezi kujua mapema ni wagonjwa wangapi watapungua, lakini unaweza kujua ni wangapi *wanapaswa* kupungua. Tuseme mgonjwa mmoja anaigharimu familia shilingi 6,000, dawa pamoja na siku za kazi zilizopotea. Gawanya 10,800,000 kwa 6,000: kanuni lazima izuie wagonjwa 1,800 kila mwaka.

Kisha fungua rekodi za zahanati. Ukikuta wagonjwa wanaoshukiwa kuugua kwa maziwa ni 1,100 tu, basi hata kanuni ikiwaponya wote haijirudishii gharama. Usikimbilie kuitupa, maana zahanati haimwoni aliyejitibu nyumbani, na 6,000 haibebi thamani ya mtoto aliyefariki. Rudia hesabu kwa 12,000: sasa inahitaji kuzuia 900 kati ya 1,100.

Je, inaweza? Angalia inavyofanya kazi. Kipimo cha mara moja kwa mwezi kinasema habari za siku moja katika thelathini, na majibu yanakuja maziwa yakiwa yameshanywewa. Mimi nisingetia sahihi hapo.

Hatua ya 4: Ipitishe njia mbadala kwenye hesabu ileile

Maziwa ya mji huo yanapitia vituo 25 vya kukusanyia. Kupima kila kituo kila wiki kwa 1,800, ada na nauli, ni 2,340,000 kwa mwaka. Ukiongeza ukaguzi wa 600,000 unapata 2,940,000. Kwa zile 6,000 za mgonjwa mmoja, inatosha kuzuia wagonjwa 490, chini ya nusu ya walio kwenye rekodi. Udhaifu wake utaje wazi: haiugusi uchafu unaoingilia dukani. Kama hatua ya 1 ilionyesha mitungi ya dukani ndiyo chanzo, njia hii nayo haifai.

Hatua ya 5: Toa hesabu hadharani kabla ya uamuzi

Sheria inataka tangazo kwenye Gazeti la Serikali na gazeti la kawaida, na angalau siku 14 za kupokea maoni. Mwuzaji wa maziwa halisomi Gazeti la Serikali. Mpelekee karatasi moja yenye zile 2,500 umwulize umekosea wapi. Mwulize pia atafanya nini kanuni ikipita. Wengi wakijibu kwamba watafunga duka na kuuza mlango kwa mlango, rudi hatua ya 3, kwa sababu maziwa hayo hayatapimwa na mtu yeyote na wagonjwa uliotarajia kuwazuia watabaki palepale.