Kabla ya kununua hatifungani ya miaka 20, uliza duresheni yake

Ukitaka kujua bei ya hatifungani itayumba kiasi gani riba ya soko ikibadilika, tazama duresheni iliyorekebishwa, usiangalie miaka ya kuiva peke yake. Namba hiyo huonyesha bei itashuka kwa takriban asilimia ngapi riba ikipanda kwa asilimia 1.

Tuseme umenunua hatifungani ya Serikali ya miaka 20 kwa shilingi milioni 10, kuponi, yaani riba yake ya mwaka, asilimia 12, inayolipwa kila miezi sita. Duresheni yake ni kama 7.5. Si 20, kwa sababu kuponi zinakurudishia fedha mapema. Riba ya soko ikipanda kutoka asilimia 12 hadi 13, zidisha 7.5 kwa 1: bei inashuka karibu asilimia 7.5, yaani shilingi 750,000. Ya miaka miwili yenye kuponi hiyohiyo ingepoteza 173,000 tu.

Haya ni makadirio. Ukipiga hesabu kamili, hasara ni kama 707,000. Na riba ikishuka hadi 11, bei hupanda kwa kama 802,000. Mabadiliko yakiwa makubwa, pengo kati ya makadirio na hesabu kamili hupanuka.

Usipouza kabla ya kuiva, kuponi zako hazibadiliki.