Jinsi ya kusoma majibu ya LDL na HDL, na kukokotoa namba ambayo mara nyingi haiandikwi

Kolesteroli iliyo ndani ya LDL na ile iliyo ndani ya HDL ni kitu kimoja. Ukizitoa zote mbili kwenye damu na kuziweka mezani, hakuna maabara itakayoweza kukwambia ipi ni "mbaya" na ipi ni "nzuri". Kinachotofautiana ni chombo kilichoibeba. Kolesteroli ni mafuta, na mafuta hayachanganyiki na maji ya damu, kwa hiyo mwili huyafunga ndani ya chembe ndogo za duara zenye gamba la protini na mafuta laini. Chembe hizo ndizo lipoprotini, na LDL na HDL ni aina zake mbili. Majibu ya maabara yanakuonyesha mzigo, lakini anayeharibu mshipa ni chombo chenyewe, na mwongozo huu unafuata tofauti hiyo hadi mwisho.

Mfano tutakaoutumia ni wa watu wawili, A na B, ambao jumla ya kolesteroli yao inalingana kabisa.

Hatua ya 1: Angalia kipimio

Majibu huandikwa kwa mmol/L au kwa mg/dL. Kolesteroli ya mmol/L ikizidishwa kwa 38.67 inakupa mg/dL. Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta inayosafiri kwenye damu, huzidishwa kwa 88.57, kwa sababu molekuli yake ni nzito zaidi. Usitumie kizidisho kimoja kwa zote mbili.

Hatua ya 2: Jua nani anabeba nini, na kwenda wapi

Ini hutengeneza chembe kubwa iitwayo VLDL, iliyojaa trigliseridi na kolesteroli kidogo, na kuiachia kwenye damu. Inapozunguka, misuli na tishu za mafuta huinyonya trigliseridi, nayo inapungua ukubwa saa baada ya saa. Kinachobaki mwishoni ni chembe ndogo ya nanomita 20 hivi, iliyojaa kolesteroli: hiyo ndiyo LDL. Ini lina vipokezi vya kuinasa na kuitoa kwenye damu. Ugunduzi wa vipokezi hivyo ndio uliowapa Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Vipokezi vikiwa vichache, LDL hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi, na idadi yake hupanda hata kama ini halitengenezi zaidi ya kawaida.

Ubaya wa LDL unaanzia hapo. Ni ndogo kiasi cha kupenya ukuta wa ndani wa ateri, na juu yake ina protini kubwa iitwayo apo-B ambayo hunata kwenye nyuzi zilizo ndani ya ukuta huo. Chembe nyingi huingia na kutoka. Zile zinazonasa hubadilika na kuoza kwa oksijeni, seli za ulinzi huzila mpaka zinajaa mafuta na kuonekana kama povu, na rundo la seli hizo ndilo mwanzo wa uvimbe unaoziba mshipa. Kadiri chembe zenye apo-B zinavyokuwa nyingi, na kadiri miaka inavyopita, ndivyo zinavyozidi kunasa. Tena VLDL iliyopungua ukubwa ina apo-B vilevile, na inaweza kuingia ukutani. Shikilia jambo hili, tutalihitaji kwenye hatua ya 4.

HDL haina apo-B. Ni ndogo zaidi, nanomita 7 hadi 12 hivi, na protini yake kuu ni apo-A1. Huanza ikiwa karibu tupu, huchukua kolesteroli iliyozidi kwenye seli, zikiwemo zile za povu, kisha huirudisha kwenye ini ili sehemu yake itolewe kupitia nyongo. Ndiyo maana ikaitwa nzuri.

Hatua ya 3: Jua kama LDL yako imepimwa au imekokotolewa

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo twende polepole.

Katika maabara nyingi namba ya LDL haitoki kwenye mashine. Mashine hupima vitu vitatu: jumla ya kolesteroli (TC), HDL, na trigliseridi (TG). LDL hupatikana kwa kutoa. Kanuni inayotumika sana ilichapishwa na Friedewald na wenzake mwaka 1972:

```
LDL = TC - HDL - (TG / 2.2)    mmol/L
LDL = TC - HDL - (TG / 5)      mg/dL
```

Sehemu ya mwisho ni makadirio. Inachukulia kwamba trigliseridi karibu yote iko ndani ya VLDL, na kwamba uwiano wa trigliseridi na kolesteroli ndani ya VLDL ni uleule kwa kila mtu. Kwa mtu mwenye trigliseridi ya kawaida, makadirio hayo yanatosha. Trigliseridi ikipanda, VLDL huwa na trigliseridi nyingi kuliko uwiano huo unavyodhani, na kanuni inatoa kolesteroli nyingi kupita kiasi. Matokeo yake LDL inatoka ndogo kuliko ilivyo kweli. Trigliseridi ikizidi 4.5 mmol/L, yaani 400 mg/dL, kanuni hii haifai kabisa, na maabara makini huacha nafasi ya LDL wazi au huipima moja kwa moja. Ukiona LDL imeandikwa huku trigliseridi iko juu ya kiwango hicho, uliza imepatikanaje kabla ya kuiamini.

Kosa lilelile hutokea kwa mtu aliyekula muda mfupi kabla ya kutolewa damu. Baada ya mlo utumbo humwaga chembe kubwa sana ziitwazo kilomikroni, zilizojaa trigliseridi ya chakula. Zikiwa nyingi, hata seramu huonekana kama maziwa. Kanuni inazihesabu kama VLDL na kupunguza LDL bila haki. Kwa watu wengi mlo wa kawaida hupandisha trigliseridi kidogo tu, na kipimo bila kufunga kinakubalika. Lakini ikiwa imetoka juu, rudia baada ya kufunga kwa muda wa saa 9 hadi 12, ukinywa maji tu.

Kosa la tatu ni la mkono wa mtu: kugawa kwa 5 wakati namba ziko kwa mmol/L. Mtu mwenye TG ya 3.3 mmol/L atapunguziwa 0.66 badala ya 1.5, na LDL yake itatoka juu kwa zaidi ya 0.8. Tofauti hiyo inatosha kumwanzishia mtu dawa au kumwongezea.

Kuna pia LDL iliyo chini kwa sababu mwili unaumwa. Maambukizi makali, upasuaji au mshtuko wa moyo huishusha kwa wiki kadhaa. Aliyepimwa akiwa wodini asijilinganishe na majibu yake ya miezi ya nyuma. Apimwe tena baada ya kupona.

Hatua ya 4: Toa HDL kwenye jumla

Hii ndiyo namba ninayoiamini kuliko zote zinazoweza kupatikana kwa kipimo cha kawaida, nayo ni kutoa mara moja tu: TC ondoa HDL. Kinachobaki ni kolesteroli yote iliyo ndani ya chembe zenye apo-B, VLDL na LDL pamoja. Haina makadirio ya trigliseridi ndani yake, na kula kabla ya kupimwa hakuibadilishi sana. Kwenye majibu mengine huandikwa Non-HDL. Kwa mengine inabidi uikokotoe mwenyewe.

Sasa tuwachukue wale wawili. A ana TC 5.6, HDL 0.9 na TG 3.3. B ana TC 5.6, HDL 1.9 na TG 0.88. Zote ni mmol/L.

LDL ya A ni 5.6 ondoa 0.9 ondoa 1.5, yaani 3.2. Ya B ni 5.6 ondoa 1.9 ondoa 0.4, yaani 3.3. Anayesoma mstari wa LDL peke yake atasema wako sawa, na pengine B ndiye wa kuangaliwa zaidi. Toa HDL uone: A anabaki na 4.7, B anabaki na 3.7. Ile 1.5 ya A haikupotea. Imo ndani ya VLDL na mabaki yake, ambayo nayo huingia kwenye ukuta wa ateri. Isitoshe, LDL ya A inaelekea kuwa imekadiriwa chini, kwa sababu trigliseridi yake iko juu.

Lengo la namba hii hupatikana kwa kuongeza 0.8 mmol/L kwenye lengo la LDL. Kwa lengo la LDL chini ya 2.6, Non-HDL iwe chini ya 3.4. B amezidi kidogo. A amezidi kwa 1.3. Lengo lenyewe hutegemea mtu: aliyewahi kupata mshtuko wa moyo hushushwa zaidi, LDL chini ya 1.8 au hata chini ya hapo.

Ikiwa LDL na Non-HDL zinapingana kama kwa A, omba kipimo cha apo-B kama kinapatikana. Kila chembe ya VLDL na kila chembe ya LDL ina molekuli moja tu ya apo-B, kwa hiyo kuihesabu ni kuhesabu vyombo vyenyewe. LDL ya mtu mwenye trigliseridi nyingi huwa ndogo na yenye kolesteroli haba, ndiyo maana mzigo unaweza kuonekana wa wastani huku vyombo vikiwa vingi.

Uwiano wa TC kwa HDL ambao baadhi ya maabara huuandika chini ya ukurasa mimi siutumii. Mtu mwenye HDL ya juu anaweza kupata uwiano mzuri huku chembe zake za apo-B zikiwa nyingi vilevile.

Hatua ya 5: Soma HDL mwisho, na usijaribu kuipandisha

Chini ya 1.0 kwa mwanamume, au 1.3 kwa mwanamke, huhesabiwa kuwa chini. Watu wa namna hiyo hupata maradhi ya moyo zaidi. Lakini dawa zilizopandisha HDL hazikuwasaidia. Mwaka 2006 majaribio ya torsetrapibu yalisimamishwa baada ya vifo kuongezeka, ingawa HDL ilikuwa imepanda sana. Dawa hiyo ilipandisha pia shinikizo la damu. Mwaka 2011 jaribio la kuongeza niasini kwa watu ambao tayari wanatumia statini, dawa za kushusha LDL, lilisimamishwa kwa kukosa faida. Namba ya HDL inaonyesha kolesteroli iliyomo ndani ya chembe wakati ule. Haionyeshi ni kiasi gani kinachotolewa kwenye ukuta wa mshipa.

HDL ya chini ya A ina maelezo yake. VLDL zikiwa nyingi, hubadilishana mizigo na HDL: hutoa trigliseridi, hupokea kolesteroli. HDL iliyojazwa trigliseridi hupungua ukubwa na kuondolewa haraka kwenye damu. Kwa hiyo 0.9 na 3.3 za A ni tatizo moja lililoandikwa mara mbili. Cha kufuatilia kwake ni sukari ya damu, mzunguko wa kiuno, pombe, tezi ya shingo na figo, kisha kupima upya akiwa amefunga. Trigliseridi ikishuka, HDL hupanda yenyewe, lakini namba ya kumpimia maendeleo iwe ile 4.7.