Siku mbaya baada ya wiki za nafuu
Mtu mwenye tatizo la wasiwasi aliyekuwa akiendelea vizuri kwa wiki 5 au 6 anapoamka moyo ukimdunda na kifua kimembana, kinachomwangusha mara nyingi si wasiwasi wenyewe, bali hukumu anayojipa papo hapo: "Nimerudi mwanzo." Hukumu hiyo humfanya akwepe mambo aliyokwisha kuyazoea, na kukwepa huko ndiko kunakoweza kuigeuza siku moja kuwa wiki kadhaa, kwa sababu akili hukosa nafasi ya kujionea tena kwamba hatari inayoiogopa haitokei.

Tuseme ulikuwa umefikia kupanda basi peke yako kwa vituo 8, kisha leo hofu ikakushusha katika kituo cha pili. Nakusihi usiifute safari ya kesho, ipunguze. Panda kwa vituo 2 au 3, ubaki kitini hata hofu ikipanda, ushuke pale ulipopanga na si pale inapokuamuru, kisha uongeze kituo kimoja kimoja katika siku zinazofuata.

Jioni andika mistari michache kuhusu usingizi wa jana, kahawa uliyokunywa, homa au ugomvi, kwani chanzo mara nyingi, ingawa si kila mara, hujitokeza hapo. Usiache dawa wala kubadili kipimo chake kwa ajili ya siku moja. Hali ikiendelea kwa takriban wiki 2, rudi kwa mtaalamu anayekuhudumia. Lakini wazo la kujidhuru likikujia, tafuta msaada siku hiyohiyo.